Shajara ya duka: vipimo kumi na viwili vya mafuta

Siku ya 1, Jumapili

Leo hatukufungua. Nilibandika karatasi mlangoni, "Tunahesabu, karibu kesho", na watu wakagonga vilevile. Mmoja alitaka kiberiti tu. Nikampitishia dirishani, halafu nikasahau kama kiberiti kile nilikuwa nimeshakihesabu. Ndivyo mradi ulivyoanza.

Duka liko Kihonda, Morogoro, chumba cha mbele cha nyumba tunayokaa. Lina miaka sita. Wateja wapo, jioni wanasimama foleni, lakini kila nikipokea upatu hela inaishia dukani: nanunua mzigo, shelfu zinajaa, baada ya miezi miwili zimekonda tena. Nikiulizwa linaingiza kiasi gani kwa wiki, najibu "tunashukuru Mungu", maana jibu jingine sina.

Anayeuza mchana ni mpwa wangu, mtoto wa kaka, aliyemaliza kidato cha nne. Mimi naingia saa kumi nikitoka kazini. Programu ya kuandika mali ameiweka yeye kwenye simu ya duka, na yeye ndiye aliyesema tusianze kuuza kwa programu kabla ya kuhesabu kila kitu, la sivyo tutakuwa tunatoa kwenye hesabu isiyokuwepo. Tulianza saa tano asubuhi tukamaliza saa mbili usiku.

Kazi haikuwa kuhesabu. Kazi ilikuwa vipimo. Programu inataka jina la bidhaa, kipimo, bei ya kununulia na bei ya kuuzia. Sasa mimi sukari nanunua kwa mfuko wa kilo 50, nauza kwa kilo, nusu na robo. Mafuta ya kula nanunua kwa dumu la lita 20, nauza kwa kikombe. Sigara nanunua pakiti, nauza moja moja. Tulipoingiza sukari kama "mfuko 1" tukauza robo, programu ikakataa robo, ikaonyesha tumeuza mfuko mzima. Tukafuta, tukaanza upya na kanuni moja: kila kitu kinaingizwa kwa kipimo kidogo kuliko vyote tunavyouzia. Mfuko wa sukari ukawa robo 200. Dumu la mafuta likawa vipimo 80, kwa sababu kikombe chetu ni robo lita. Hivyo ndivyo nilivyoamini.

Mali yote kwa bei ya kuuzia: shilingi 2,130,000. Niliirudia hesabu hiyo mara mbili. Sikujua nina kiasi hicho.

Siku ya 3

Mchana kijana anaandika vizuri. Tatizo ni saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku, watu wanapotoka kazini. Huyu anataka unga, yule nyanya ya kopo, mtoto ametumwa na shilingi mia tano na hakumbuki ametumwa nini. Huwezi kumwambia mtu asubiri utafute "sabuni ya mche" kwenye simu. Jana tuliandika mauzo ya jioni kwa kukumbuka, na kukumbuka ni kubuni.

Kijana amepata njia. Kando ya mizani ameweka karatasi yenye majina ya bidhaa zinazotoka sana, na kila ikiuzwa moja anachora kijiti, cha tano kinakata vinne, kama walivyofundishwa shule ya msingi. Aliyelipa kwa simu, juu ya kijiti anaweka herufi S. Saa tatu usiku tunahamisha vijiti kwenye programu. Dakika ishirini zinatosha. Karatasi hizo hatuzitupi, tunazichoma kwenye msumari ukutani.

Siku ya 8, Jumapili

Tumehesabu tena duka zima. Safari hii saa nne tu, maana tunajua kila kitu kilipo.

Hesabu ninayoifanya ni hii, kila kitu kwa bei ya kuuzia:

```
mali ya mwanzo + mali iliyonunuliwa - mali iliyobaki = mauzo yanayotakiwa
2,130,000 + 684,000 - 2,068,000 = 746,000
```

Yaani mali ya shilingi 746,000 imetoka dukani wiki hii. Haipo tena. Sasa naangalia iligeuka nini. Fedha taslimu za mauzo, pamoja na zile nilizochomoa kwenye droo kununulia mzigo, ni 521,400. Zilizoingia kwenye simu ya duka ni 83,000. Madeni mapya ya daftari ni 47,000. Waliolipa madeni ya zamani sikuwaweka, maana mali yao ilitoka kabla hatujaanza. Jumla 651,400.

Zinakosekana 94,600.

Nilikaa kwenye kreti la soda nikaitazama ile namba. Kwa mauzo ya namna hii faida yangu ya wiki haizidi laki moja. Kwa hiyo wiki nzima nimefungua duka, nimelipia umeme, nimesimama mpaka miguu inavimba, na karibu faida yote imeyeyuka.

Mume wangu alipita akauliza, "Vipi hesabu?" Nikasema bado. Kijana alikuwa anafagia. Sitaki kuandika nilichokuwa nakifikiria nikimtazama mgongo, lakini shajara ni shajara: nilikuwa nimeshampata mwizi.

Siku ya 10

Jioni kijana alipokwenda mpirani niliingia chumbani kwake nikakung'uta godoro. Nilikuta shilingi 6,000, vocha mbili zilizotumika na picha ya mama yake. Nikarudisha kila kitu.

Siku ya 12

Mafuta. Nieleze polepole, kwa sababu hapa ndipo programu ilipofanya kazi ambayo daftari lisingeweza.

Leo saa tano dumu liliisha. Kijana akalilaza, akaligeuza chini juu kwenye mrija, likatoa tone la mwisho. Akafungua simu ili aingize dumu jipya, akaniita. Programu ilikuwa inaonyesha mafuta bado yapo: vipimo 12. Dumu limelala chini, tupu, na simu inasema uza vipimo kumi na viwili.

Tukarudi kwenye karatasi za msumarini. Dumu lile vijiti vyake ni 68. Lililotangulia pia tulikuwa nalo kamili tangu kufunguliwa: vijiti 68. Yaani kila dumu linakosa vipimo 12, na kipimo ni shilingi 1,500. Ni shilingi 18,000 kwa dumu, na wiki tunauza madumu mawili.

Nilipoiona namba ileile mara mbili ndipo hasira zangu kwa kijana zilipoanza kupungua. Mtu anayeiba haibi sawasawa. Leo atachukua viwili, kesho vitano, keshokutwa ataogopa. Atachukua mafuta wiki hii, wiki ijayo sabuni. Upungufu unaorudi kwa kiasi kilekile, kwenye bidhaa ileile, unatoka kwenye kitu kisichobadilika. Dukani kwangu kisichobadilika ni dumu na kikombe.

Tukaanza na kikombe. Ni cha plastiki, cha buluu, nilikinunua sokoni mwaka nisioukumbuka, na robo lita niliambiwa na aliyeniuzia. Kijana akachukua chupa mpya ya maji ya nusu lita akaimimina. Kikombe cha kwanza kikajaa. Cha pili hakikujaa, maji yakaishia chini ya ukingo. Akaweka kikombe kitupu kwenye mizani, akairudisha sifuri, akakijaza maji: 0.270. Akasema, "Shangazi, gramu moja ya maji ni mililita moja. Hiki ni 270, si 250." Kila kikombe nilikuwa naongeza mililita 20 bila kuombwa.

Lakini kikombe peke yake hakimalizi. Lita 20 zikigawanywa kwa 270 unapata vipimo 74. Sisi tunapata 68. Vingine sita viko wapi?

Dumu jipya lilikuwa bado halijafunguliwa. Tukalipima: kilo 18. Dumu tupu ni kilo moja, kwa hiyo mafuta ni kilo 17. Mafuta ni mepesi kuliko maji. Tulichukua chupa ya kiwandani ya lita moja, ile yenye lakiri, tukaipima, tukamwaga mafuta kwenye sufuria, tukaipima tupu. Lita moja ilikuwa gramu 915. Kilo 17 kwa uzito huo ni lita 18.6. Dumu "la lita 20" lina pungufu ya lita moja na zaidi. Gawa 18.6 kwa kikombe cha 270, toa kinachobaki kimeng'ang'ania kuta za dumu, unafika 68.

Kijana alicheka. Mimi sikucheka. Miaka sita mara madumu mawili kwa wiki. Hesabu hiyo niliianza nikaiacha.

Siku ya 13

Nimekwenda kwa muuzaji wa jumla. Madumu yake yanajazwa kutoka kwenye pipa, nyuma ya duka, kwa mrija. Nikamwambia tulilipima. Hakukasirika hata kidogo. "Mama, mimi nauza dumu. Dumu ni dumu." Ni kweli hakuwahi kuniambia lita. Ni mimi niliyekuwa naona dumu nasema ishirini.

Anauza 96,000. Duka la pili yake wana dumu la kiwandani lenye lakiri kwa 101,000, na siku zote nililipita kwa sababu ni ghali. Nikakaa kwenye benchi la bodaboda nikapiga: 96,000 kwa lita 18.6 ni kama 5,160 kila lita. 101,000 kwa lita 20 ni 5,050. Ghali ni lile nililokuwa nanunua.

Nimechukua la lakiri, nikalipima nyumbani kabla ya kulifungua. Kilo 19.3 na dumu lake. Sawa. Nimepata pia kipimo cha chuma cha robo lita chenye mhuri wa Wakala wa Vipimo. Mizani yangu huwa inahakikiwa kila mwaka na stika inabandikwa, lakini kikombe cha mafuta hakikuwahi kunijia akilini kwamba nacho ni mizani.

Siku ya 15, Jumapili

Wiki hii tuliongeza "mteja" mmoja kwenye programu anayeitwa Nyumbani. Kila kinachovuka pazia kwenda jikoni kinaandikwa kwa jina lake. Binti yangu alinuna siku ya kwanza: "Mama, hata chumvi?" Hata chumvi.

Jumla ya Nyumbani kwa siku saba: 31,400. Sembe, mchele, sukari, mafuta, mche wa sabuni, maziwa ya mtoto wa jirani ambayo nilitoa mimi mwenyewe. Sio wizi, tunakula. Ila nilikuwa nahesabu kwamba chakula nakinunua kwa mshahara. Kumbe mshahara ulikuwa unanunua nyama na mboga tu.

Nikichukulia wiki ya kwanza tulikula vilevile, zile 94,600 zimeanza kupata wenyewe: jikoni 31,400, mafuta 36,000. Zinabaki 27,200 ambazo hazina pa kukaa, na hizi haziko kwenye bidhaa moja. Zimetawanyika. Kwa mantiki yangu mwenyewe ya siku ya 12, huu ndio unaofanana na mkono wa mtu.

Wakati huohuo wateja wamekiona kipimo kipya. Mama mmoja alikiangalia, akaniangalia. "Mbona kimekonda?" Nikamweleza habari ya mililita, akasikiliza mpaka mwisho, akalipa, na kesho yake nikamwona na chupa yake anaelekea duka la pili. Hilo programu haina pa kuliandika.

Siku ya 17

Kuhesabu duka zima kila siku haiwezekani, kwa hiyo tumechagua vitu vitano tu vya kuhesabu kila usiku: mikate, mayai, sukari iliyofungwa, sembe ya kilo, maziwa. Hivyo vinatoka sana na havina utata wa kumimina.

Leo mikate iliingia 30, imebaki 4. Imetoka 26, vijiti ni 26. Kijana hajaficha mkate hata mmoja. Lakini vijiti vyenye S ni 9, na kwenye simu ya duka meseji za malipo zinazolingana ni 7 tu. Mikate miwili imeuzwa, imechorwa, imelipwa kwa simu, na hela haikufika.

Nikamuuliza. Nilimuuliza vibaya, najua. Akasema, "Walinionyesha meseji, shangazi. Nilisoma kiasi." Nani? Akawataja. Nikachukua kanga nikatoka usiku uleule kwenda kwa mmoja wao, nyumba ya nne. Akanifungulia, akatafuta kwenye simu yake, akanigeuzia. Kiasi sawa. Saa sawa. Jina la aliyepokea ni la mume wangu.

Siku ya 18

Miaka minne iliyopita, kabla hatujachukua lipa namba, tulikuwa na kipande cha boksi mlangoni chenye namba ya mzee wangu. Boksi tulilitoa. Namba ilibaki kwenye simu za watu, wameihifadhi "Duka". Wanaopenda kutuma kabla ya kufika, au wanaotuma mtoto, wanatuma huko. Wakifika wanaonyesha meseji, kijana anatazama kiasi, anatoa mkate.

Nilisubiri mpaka mzee amekula. Nikamwonyesha karatasi. Hakukana. "Nilijua ni za duka," alisema. "Zikiingia nazitumia kwenye mambo yetu. Duka si letu?"

Nikamwambia namsikia, ila mambo gani. Akaorodhesha mafuta ya pikipiki, mchango wa msiba, kahawa ya kijiweni. Akanyamaza, kisha akanipa simu mwenyewe. Tulipitia meseji za wiki ile ya kwanza moja baada ya moja, nikizilinganisha na vijiti vya S. Zilifika 24,500. Kutoka 27,200 zilibaki 2,700, na hizo mpaka leo sizijui.

Tumekubaliana mawili. Kila Jumamosi anahamisha zilizoingia kwake kwenda namba ya duka. Na dukani hakuna tena kusoma meseji kwenye simu ya mteja. Mkate unatoka simu ya duka ikishalia. Mtandao ukichelewa, mteja anasubiri au jina linaingia daftarini.

Siku ya 22, Jumapili

Hesabu ya wiki ya tatu, Nyumbani ikiwa imeandikwa kama mauzo ya deni: pungufu 7,900. Trei moja ya mayai ilianguka, yalipasuka kumi na moja, na kijana aliyaandika siku hiyohiyo kama yaliyoharibika, kwa hiyo hayamo humo. Hela za simu ya mzee zilichelewa, alihamisha Jumapili asubuhi badala ya Jumamosi, nikamwandikia.

Dumu la lakiri limetoa vipimo 79. Kwa 1,500 ni 118,500, toa 101,000, faida 17,500. Dumu la pipa na kikombe cha buluu lilikuwa linanipa 102,000 kwa 96,000, yaani 6,000. Mteja wa "mbona kimekonda" bado hajarudi, na wengine wawili nahisi wamemfuata. Nafikiria kushusha bei kidogo, 1,450, ila chenji ya hamsini ni balaa nyingine.

Kasoro moja ya programu tumeigundua: muuzo ukishaandikwa unaweza kufutwa, na hauachi alama yoyote kama wote mnaingia kwa namba ya siri moja. Nilimwambia kijana nitamfungulia ya kwake, ili ijulikane nani ameandika nini na nani amefuta nini. Akakubali, akawa anakunja zile karatasi za msumarini. Halafu akasema bila kuinua uso, "Shangazi, godoro langu huwa nalilaza mshono ukutani."

Nilijua anazungumzia nini. Nikamwambia nilikosea. Akasema sawa. Akaendelea kukunja.

"Basi na wewe uwe na namba yako," akasema. "Ya kwako peke yako, si ya duka."

Nimeifungua jioni hii. Kitu cha kwanza kilichoandikwa kwa jina langu ni shilingi 2,000 nilizochukua kwenye droo asubuhi, nauli ya bodaboda kwenda kanisani.